Fomula ya TEXT: Kugeuza Tarakimu Kuwa Lebo

Katika lahajedwali, tarakimu inayoonekana ndani ya seli si lazima iwe ndiyo iliyohifadhiwa. Tuseme ushirika wa maziwa unaandaa lebo za wanachama za mwezi wa siku 30. Seli A2 ina namba ya mwanachama, 47. B2 ina lita alizoleta, 1370. C2 ina wastani wake wa siku, yaani B2 kugawanya kwa 30. Seli ya C2 imepangwa kuonyesha desimali moja, hivyo inasomeka 45.7. Lakini ikiunganishwa na maneno kwa alama ya &, lebo hutoka na 45.6666666666667, kwa kuwa alama hiyo huchukua thamani yenyewe na kuacha mpangilio wa seli.

Fomula ya TEXT huondoa tatizo hilo. Hupewa vitu viwili: thamani, na kielelezo cha mwonekano kinachoandikwa ndani ya alama za kunukuu.

```
="Mwanachama " & TEXT(A2,"0000") & ": lita " & TEXT(B2,"#,##0") & ", wastani " & TEXT(C2,"0.0")
```

Jibu lake ni hili:

```
Mwanachama 0047: lita 1,370, wastani 45.7
```

Kila sifuri katika kielelezo ni nafasi ambayo lazima ijazwe. Kwa hiyo "0000" huongeza sifuri mbili mbele ya 47, na namba zote za wanachama huwa na urefu mmoja. Namba yenye tarakimu tano, kama 12345, haikatwi. Hutoka nzima na kuvunja ulinganifu, hivyo ni vyema idadi ya sifuri ilingane na namba kubwa kuliko zote.

Alama ya reli huonyesha tarakimu pale tu inapokuwepo, na mkato hutenga maelfu. Sifuri ya mwisho katika "#,##0" ina kazi yake: kielelezo kikiandikwa "#,###", mwanachama ambaye hakuleta maziwa atapata lebo yenye pengo mahali pa lita, badala ya 0.

Kielelezo "0.0" hukadiria hadi desimali moja. Makadirio hayo hubaki kwenye lebo tu, wala C2 haibadiliki. Anayezidisha 45.7 kwa 30 atapata 1371, lita moja zaidi ya zile zilizopokelewa. Ikihitajika hesabu yenyewe itumie thamani iliyokadiriwa, hutumika fomula ya ROUND.

Zao la TEXT ni maandishi, hata likiwa na tarakimu tupu. Dalili yake ni kwamba kwa kawaida hujipanga upande wa kushoto wa seli, na SUM ikipewa safu ya majibu hayo hurudisha 0. Kwa sababu hiyo lebo huwekwa katika safu yake, na jumla hutafutwa kutoka safu za A, B na C zenye tarakimu za awali.