Seli Tupu Si Jibu: Kusafisha Data za Dodoso Kabla ya Kuingia SPSS

Tuchukue mfano wa utafiti mdogo wa maji wenye kaya 200. Kila kaya imeulizwa mambo matatu: maji inayapata wapi, jana ilitumia lita ngapi, na asubuhi ilikwenda kuchota saa ngapi. Madodoso yamerudi, majibu yamechapwa kwenye Excel, na mtafiti ana hamu ya kuyaingiza SPSS ili apate wastani na majedwali. Asifanye haraka. Kati ya karatasi na wastani kuna maamuzi mengi, na kila uamuzi una uwezo wa kubadilisha matokeo. Usipoandikwa, hakuna atakayejua kwamba ulifanyika.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kufungua karatasi tatu ndani ya faili moja. Ya kwanza ni Ghafi: majibu kama yalivyochapwa, na haiguswi tena. Ya pili ni Safi, nakala ambayo ndiyo itakayorekebishwa. Ya tatu ni Kumbukumbu, ambamo kila badiliko lina mstari wake: namba ya dodoso, swali, thamani ya awali, thamani mpya, sababu, aliyeamua, na tarehe. Namba ya dodoso iwe pia imeandikwa kwenye karatasi yenyewe, kwa kuwa mara nyingi suluhisho la shaka ni kurudi kabatini na kulitazama dodoso.

Safu ya lita

Katika safu ya lita wengi wameandikiwa 60, 80 au 100, lakini kaya nane zimeandikiwa "debe 2" au "debe 3". Mtu akisoma anaelewa. SPSS haielewi. Inaposoma faili la Excel, matoleo ya sasa hupima ni asilimia ngapi ya seli zenye kitu zinafanana kwa aina, na kiwango kilichowekwa tangu mwanzo ni 95. Hapa seli 192 kati ya 200, yaani asilimia 96, ni namba. Basi safu nzima inahesabiwa kuwa ya namba, na zile kaya nane zinageuka kuwa hazina jibu, bila onyo la kumshtua mtafiti. Kama wanaohesabu kwa madebe ndio wanaonunua maji kidogo kidogo, waliopotea si kaya zozote tu; ni watu wa aina moja.

Kama kaya za namna hiyo zingekuwa 12, safu nzima ingeingia kama maandishi na wastani usingepatikana kabisa. Hilo ni afadhali, maana linajionyesha. Ili kuyaona yote mawili mapema, hesabu seli zenye kitu kisicho namba:

```
=COUNTA(F2:F201)-COUNT(F2:F201)
```

Jibu likiwa 8, zitafute zote nane. Mwongozo wa wadadisi wa utafiti huu unasema debe ni lita 20, hivyo "debe 3" inakuwa 60, na Kumbukumbu inapata mstari wake. Lakini kaya iliyoandikiwa "ndoo 3" ni jambo jingine, kwa sababu ndoo zipo za lita 10 na za lita 20. Kama dodoso halitaji ukubwa na mdadisi hana hakika, thamani hiyo haibuniwi. Inapewa msimbo wa jibu lisilojulikana, na sababu inaandikwa.

Aina tatu za ukimya

Hapo ndipo tunafika kwenye seli tupu. Seli inaweza kuwa tupu kwa sababu swali halikumhusu mhojiwa, au hakujua jibu, au hakujibu. Hayo ni mambo matatu tofauti, na kuyaacha yote tupu ni kuyachanganya. Kuandika 0 ni kosa kubwa zaidi, kwa kuwa sifuri ni jibu halali: kaya ambayo jana haikupata maji kabisa.

Watu wengi huandika 999. Tuseme kaya 190 zilijibu na wastani wao ni lita 80, na kaya 10 hazikujibu. Ukiweka 999 na kusahau kuiambia SPSS kwamba hiyo si lita, wastani unaruka hadi karibu lita 126. Ukiweka 0, unashuka hadi 76, na hakuna chochote kitakachokushtua, kwa sababu 76 inaonekana ya kweli. Mimi napendelea namba hasi, kwani hakuna kaya inayotumia lita hasi: ukisahau kuitangaza, thamani ndogo kuliko zote itakuwa −9 na utaiona mara moja. SPSS inakubali hadi thamani tatu mahsusi za namna hii kwa kila safu ya namba, na zinatangazwa hivi:

```
MISSING VALUES maji_lita (-9, -8, -7).
VALUE LABELS maji_lita
 -7 "Haimhusu" -8 "Hajui" -9 "Hakujibu".
```

Saa ya nani?

Mhojiwa anasema "saa moja asubuhi". Mdadisi mmoja anaandika 1, mwingine anaandika 7. Wote wamesikia vizuri, na kila namba ikitazamwa peke yake haina kasoro. Kosa linaonekana tu ukipanga majibu kwa jina la mdadisi: mmoja ana 10, 11, 12 na 1 tupu, mwenzake ana 4, 5, 6 na 7. Tofauti ya saa sita inayojirudia hivyo haitokani na mitaa. Inatokana na namna ya kuandika.

Baada ya kuthibitisha kwenye madodoso, saa za yule wa kwanza zinageuzwa katika safu mpya, ile ya awali ikibaki mahali pake:

```
=MOD(H2+6,12)
```

Hesabu hii inafaa kwa saa kamili kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa tano asubuhi. Saa sita mchana ingetoa 0 badala ya 12, kwa hiyo kikomo hicho nacho kinaandikwa kwenye Kumbukumbu.

Maneno kuwa misimbo

Kwenye chanzo cha maji, bomba la nyumbani limepewa 1, kioski 2, kisima 3, mto 4 na "nyingine" 5. Ukisoma maelezo ya "nyingine" unakuta "boza", "Boza", "maji ya boza" na "gari la maji". Yakiingia hivyo, SPSS itayaona kuwa vyanzo vinne. Yakijirudia vya kutosha, yanastahili msimbo wake, 6, na kitabu cha misimbo kinaeleza maneno gani yaliingizwa humo. Aliyeandika "bomba la jirani" anahitaji uamuzi: ni 1, ni 2, au ni wa peke yake? Chagua, eleza sababu, kisha fuata uamuzi huohuo kwa kila kaya inayofanana naye.

Kabla ya kufunga faili, mpe mwenzako Ghafi, Kumbukumbu na kitabu cha misimbo, bila Safi. Atengeneze Safi yake mwenyewe, kisha zilinganisheni seli kwa seli. Kila seli mnayotofautiana ni uamuzi ulioufanya bila kuuandika. Uandike sasa, ndipo uingize data SPSS.