Walichoandika Wenzako, Wewe Ukakiacha
Makala yangu ya kufuga kuku wa kienyeji ilikuwa ndefu, ila kwenye Google haikuonekana mbele. Nikatafuta kwa maneno ambayo mfugaji angeyatumia, nikafungua kurasa tano za kwanza, nikanakili vichwa vidogo vya kila moja daftarini na kutia alama kwenye mada niliyoikosa.

Nne zilieleza chanjo ya mdondo: tone moja jichoni, kurudia kila miezi mitatu. Mimi nilisema tu “wachanjwe”. Hilo nikaliongeza. Mashine ya kutotolea vifaranga ilitajwa na ukurasa mmoja, tena wa muuzaji. Nikaiacha, maana msomaji wangu ana tetea sita.

Bei ya chanjo hakuna aliyeitaja. Hiyo nenda kaiulize duka la dawa za mifugo kabla hujaandika.