Utando wa Kijani kwenye Silanga: Kwa Nini Kuchemsha Maji Hakutoshi

Mvua ikisita na jua likawaka siku kadhaa bila upepo, baadhi ya masilanga na mabwawa ya mashamba huku Sotik hubadilika rangi. Asubuhi maji yanaonekana kama mtu amemwaga rangi ya kijani juu yake, na upande ambao upepo huelekea utando huo hujikusanya na kuwa mzito kama uji. Ukianza kuoza hutoa harufu ya uvundo, na pengine ukingoni hubaki na rangi ya buluu. Wengi huuita mwani na kuusogeza kando kwa ndoo kabla ya kuchota.

Mara nyingi utando huo si mwani. Ni sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea inavyofanya. Wapo kidogokidogo karibu katika kila maji yaliyotulia, na kwa uchache huo hawana madhara. Shida huanza wanapoongezeka kwa ghafla, kwa kuwa baadhi yao hutengeneza sumu. Sumu hiyo haifi kwa kuchemshwa.

Huenda hilo likamshangaza mkazi ambaye kwa miaka mingi ameambiwa achemshe maji, na ushauri huo bado ni sahihi kwa kipindupindu na homa ya matumbo. Vijidudu vya magonjwa hayo ni viumbe hai, na moto huviua. Sumu ya sianobakteria ni kemikali. Ile inayopatikana zaidi duniani, maikrosistini, hustahimili joto la maji yanayochemka. Kuchemsha hata kunaweza kuongeza hatari: seli za bakteria hupasuka na kumwaga sumu iliyokuwa ndani yake, na maji yakipungua kwa mvuke sumu inabaki katika maji machache zaidi. Mwezi Agosti 2014 mji wa Toledo, jimbo la Ohio nchini Marekani, ulikuta maikrosistini kwenye maji yake ya mfereji yaliyotoka Ziwa Erie. Zaidi ya watu 400,000 waliambiwa wasiyanywe, na wakaonywa pia wasiyachemshe. Mji huo ulikuwa na mtambo kamili wa kusafisha maji. Nyumba inayochota kwa ndoo haina kinga hiyo.

Maikrosistini hushambulia ini. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu 1 kwa kila lita ya maji yanayonywewa siku zote. Utando mzito ukingoni mwa bwawa unaweza kuwa na maelfu ya mara ya kiwango hicho, ingawa katikati ya bwawa hilohilo maji yanaonekana sawa. Ndiyo sababu ng'ombe hutangulia kudhurika, kwani hunywa ukingoni pale utando ulipojikusanya. Aliyekunywa sumu ya ini hudhoofika, ufizi wake huwa mweupe, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Anayepona huenda akababuka ngozi akiwa juani, hasa sehemu zenye manyoya meupe, jambo ambalo wafugaji wa friziani wanaweza kulidhania ugonjwa mwingine. Aina nyingine za sianobakteria hutoa sumu ya neva inayomwangusha mnyama katika muda mfupi sana, pengine hata hajaondoka majini.

Kwa nini bakteria hawa hushinda viumbe wengine wa majini? Jibu moja liko kwenye mbolea, lakini si kwa namna ambayo wengi hufikiri.

Kila kiumbe wa majini huhitaji naitrojeni na fosforasi. Naitrojeni ikiisha kwenye maji, mwani wa kawaida hukwama. Anabena, mmoja wa sianobakteria wanaopatikana sana, hakwami. Seli zake zimeungana kama shanga kwenye uzi. Naitrojeni inapopungua, seli moja katika kila kumi hadi ishirini hivi hubadilika kwa muda wa kama siku moja. Hujijengea ukuta mnene, rangi yake hufifia, na kazi yake huwa moja tu: kuchukua naitrojeni ya hewani, ambayo imeyeyuka majini, na kuigeuza kuwa chakula. Seli hiyo huitwa heterosisti.

Ukuta huo mnene una sababu. Kimeng'enya kinachofanya kazi ya kugeuza naitrojeni huharibiwa na oksijeni, na seli za kawaida za anabena hutoa oksijeni mchana kutwa zinapotumia mwanga wa jua. Kwa hiyo heterosisti huizuia oksijeni isiingie, na yenyewe huacha kabisa kuitengeneza. Gharama yake ni kwamba haiwezi tena kujilisha wala kugawanyika. Seli jirani huipa sukari, nayo huzirudishia naitrojeni. Chini ya hadubini ya kawaida ya maabara heterosisti huonekana wazi kama shanga iliyopauka katikati ya shanga za kijani, na mtaalamu akiziona nyingi hujua kwamba maji hayo yamekosa naitrojeni.

Naitrojeni basi inapatikana hewani bila malipo. Fosforasi haipatikani hewani. Lazima itoke ardhini, kwenye samadi, kwenye maji ya sabuni au kwenye mbolea, na ndiyo mlango ambao mkulima anaweza kuufunga.

Chukua mfano wa bwawa lenye urefu wa mita 30, upana wa mita 20 na kina cha wastani wa mita 2. Lina lita 1,200,000 za maji. Fosforasi ya miligramu 0.05 kwa lita hutosha kulisha mlipuko mkubwa wa sianobakteria. Kwa bwawa zima hiyo ni gramu 60 tu. Mbolea ya kupandia mahindi aina ya DAP ina fosforasi karibu asilimia 20, hivyo gramu 300 zake, kama kikombe kikubwa cha chai, zina kiasi hicho chote. Ng'ombe wa maziwa aliyelishwa vizuri naye hutoa makumi ya gramu za fosforasi kwa siku kwenye samadi. Wachache wakisimama bwawani kila siku kunywa na kujisaidia humo, hakuna haja ya kutafuta chanzo kingine.

Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya fosforasi hung'ang'ania udongo na kuzama, kwa hiyo si kila gramu inayoingia hulisha bakteria mara moja. Lakini matope ya chini ni akiba. Katika siku za joto na utulivu oksijeni huisha kwenye sakafu ya bwawa, na fosforasi huachiliwa tena. Bwawa lililopokea udongo kwa miaka mingi linaweza kugeuka kijani hata katika mwaka ambao hakuna aliyemwaga chochote.

Majani chai hulaumiwa sana katika jambo hili, pengine kupita kiasi. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya chai ya 26:5:5 una fosforasi ya kilo moja hivi, wakati mfuko wa DAP una kilo kama 10. Tena chai iliyokomaa hufunika udongo vizuri. Udongo hutoka zaidi kwenye shamba la mahindi lililolimwa kufuata mteremko, kwenye njia za mifugo na kwenye chai changa ambayo bado haijafunga. Hata hivyo naitrojeni nyingi ya mbolea ya chai si salama kwa maji. Sianobakteria mwingine, maikrosistisi, hana heterosisti na hutegemea naitrojeni inayoletwa na maji ya mvua, na ndiye mtengenezaji mkuu wa maikrosistini.

Wote wawili wanapatikana katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria, ambako milipuko ya kijani imechunguzwa kwa miaka mingi na ambako jiji la Kisumu huchota sehemu ya maji yake. Ghuba hiyo si ya mbali kama inavyodhaniwa. Mto Kipsonoi unaopita Sotik huungana na Yurith kuwa Mto Sondu, na Sondu humwagikia humo. Udongo unaotoka hapa hufika kule.

Mkazi anayetaka kujua kama utando wake ni sianobakteria anaweza kuanza na kijiti. Achovye kijiti kirefu na kukiinua. Kikitoka na nyuzi ndefu kama nywele, huenda huo ni mwani wa kawaida. Kikitoka kimepakwa kama rangi ya ukutani, ashuku sianobakteria. Jaribio la pili ni chupa ya plastiki inayopitisha mwanga: ijazwe robo tatu mkono ukiwa na glavu, ifungwe, na iachwe bila kutikiswa hadi kesho yake. Sianobakteria wengi wana vijifuko vya hewa, kwa hiyo hupanda na kufanya tabaka la kijani juu, ilhali mwani mwingi huzama. Majaribio haya hayaonyeshi kama kuna sumu. Hilo hujulikana maabara tu, na hadi lijulikane maji hayo yahesabiwe kuwa na sumu.

Wakati huo watu na mifugo watumie maji ya mvua ya paa, ya chemchemi iliyokingwa au ya kisima kirefu. Kitambaa huzuia baadhi ya seli lakini hakizuii sumu iliyokwisha kuyeyuka. Dawa ya klorini ya nyumbani isitegemewe: mitambo huitumia baada ya kuchuja seli, kwa kipimo na muda unaosimamiwa, na ikiwekwa kwenye maji yenye seli nzima huzipasua. Mrututu ni hatari kwa sababu hiyohiyo. Huua bakteria wote kwa pamoja, maji yakang'aa, na sumu yote ikabaki ndani yake. Maji yanayosafika ghafla baada ya mlipuko, kwa dawa au yenyewe, yanaweza kuwa mabaya kuliko yale ya kijani, na yaachwe kwa wiki kadhaa.

Kinga ya kudumu ni ua. Bwawa lizungushiwe seng'enge, maji yapelekwe kwa bomba hadi kwenye hori lililo nje, na mdomo wa bomba uwe chini ya uso wa maji lakini juu ya matope. Upande wa juu wa bwawa uachwe ukanda wa nyasi au nepia wa mita kumi hivi usiolimwa. Lundo la samadi liwekwe upande wa chini wa bwawa, na mbolea ya kupandia ifukiwe shimoni siku hiyohiyo badala ya kuachwa juu ya udongo mvua ikinukia.

Anayeona utando wa kijani, au mnyama aliyekufa karibu na maji ya namna hiyo, amjulishe afisa wa afya ya umma au afisa wa mifugo wa wadi yake bila kuchelewa. Sampuli ya maji hukaa vizuri zaidi kwenye chupa ya glasi, ikiwa gizani na kwenye baridi, na isaidie kufika siku hiyohiyo pamoja na maelezo ya upande gani wa bwawa ilikochotwa.