Supu ya Kuku, wa Kienyeji au ya Kienyeji?

Kwenye ubao wa mama lishe, chokaa nyeupe juu ya rangi nyeusi, maneno ni matano: "Supu ya kuku wa kienyeji". Mteja anayasoma bila kusita, anavuta benchi, anaketi. Ameshajua kwamba kuku aliyemo sufuriani alizunguka uani akichakura mwenyewe, kwamba nyama yake ina ukakasi kidogo na mchuzi una ladha.

Sasa mwandishi wa ubao angebadili herufi moja tu: "Supu ya kuku ya kienyeji". Kwa kanuni za Kiswahili sanifu, sifa imehama. Si kuku tena aliye wa kienyeji, ni supu. Kuku anaweza kuwa wa kisasa, wa wiki sita, aliyelishwa chakula cha dukani, ila amepikwa kwa namna ya wenyeji. Bei ya bakuli mbili hizo si moja, na tofauti yote imebebwa na "wa" na "ya".

Walimu wa sarufi hukiita kijineno hiki a-unganifu. Kiini chake ni irabu moja, -a, nayo haisimami peke yake. Huchukua mbele yake alama ileile ambayo nomino huipa kitenzi. Kiti kinavunjika, kwa hiyo ki- ikikutana na -a tunapata cha: kiti cha mbao. Viti vinavunjika, basi ni vya mbao. Mlango unafunguka, u- na -a huzaa wa: mlango wa chuma. Jembe linalima, ni jembe la mkono. Nguo zinakauka, ni nguo za harusi. Anayeweza kusema sentensi ya kawaida ameshaibeba kanuni nzima kichwani, hata kama hajawahi kuifikiria. Viumbe hai hufuata njia yao: kuku na ng'ombe wana umbo kama la nyumba na meza, lakini kwa kuwa wana uhai tunasema kuku wa kienyeji na ng'ombe wa maziwa, si ya.

Kiswahili kinakihitaji sana kijineno hiki kwa sababu vivumishi vyake vya asili ni vichache. Tuna -zuri na -baya, -refu na -fupi, -pya, -gumu, -tamu na wenzao. Tuna pia vya kukopa kama safi, ghali na hodari, ambavyo havibadiliki. Baada ya hapo hazina inaisha upesi. Hakuna kivumishi kimoja cha kusema kwamba kitu ni cha mbao, cha jana, cha serikali au cha kulalia. Basi lugha inachukua nomino yoyote iliyo karibu, inatanguliza -a, na nomino hiyo inafanya kazi ya kusifu.

Ila nomino ipi, na katika umbo gani? Hapo ndipo penye utamu.

Chukua tajiri. Nyumba ya tajiri ni nyumba ambayo mwenyewe ni tajiri. Yaweza kuwa kibanda cha udongo alichokinunua ili abomoe na kujenga upya, na bado ikawa nyumba ya tajiri. Nyumba ya kitajiri ni kitu kingine. Ina marumaru, ina geti la umeme, ina bustani, na anayelala humo anaweza kuwa mlinzi tu aliyeachiwa funguo. Ukiongeza u- ukapata utajiri, hatuzungumzii tena mtu wala mtindo, bali mali na hali yenyewe: siri ya utajiri, ndoto za utajiri, njia ya utajiri. Ndiyo maana "nyumba ya utajiri" inasikika kama chumvi iliyozidi kwenye chai. Nyumba ina mwenyewe na ina mtindo, lakini si rahisi kuwa ya hali.

Na mtu je? "Mtu wa utajiri" hakuna anayelisema kwa wepesi. Kwa mtu tuna tajiri lenyewe, au mwenye utajiri. Hapa -a na -enye hugawana kazi kwa namna inayofaa kuangaliwa. Mtu mwenye pesa anazo sasa, mfukoni au benki. Mtu wa pesa ni yule ambaye pesa ndiyo desturi yake na ndiyo anayojulikana nayo. Mwenye watu ana wafuasi. Mtu wa watu ni mkarimu, anayekaa na kila mmoja, anayejua msiba wa jirani kabla hujatangazwa. Kwa -enye tunataja alichonacho mtu. Kwa -a tunamtaja upande wake.

Kile ki- cha kitajiri ndicho kilichomo katika kienyeji, kutoka mwenyeji, na katika kisasa, kike, kiume, kizungu. Kinahamisha nomino kutoka kwenye kitu hadi kwenye namna ya kitu hicho. Mapishi ya Pwani yametoka Pwani. Mapishi ya kipwani yanaweza kupikwa Mwanza na mtu ambaye hajawahi kuiona bahari, ilimradi nazi imetiwa na viungo vimetiwa.

Mji nao una ngazi zake. Meya wa mji, ramani ya mji, mipaka ya mji: hapa mji ni kitu kizima, chenye mamlaka na mipaka. Ukitia -ni mwishoni, picha inabadilika. Maisha ya mjini, watu wa mjini, bei za mjini: mji umekuwa mahali, na mahali hapo panapimwa na pengine, yaani shambani au kijijini. Hakuna anayesema "meya wa mjini" akimaanisha cheo. Kadhalika "maisha ya mji" yangemfanya msikilizaji asubiri habari za mji wenyewe, ulivyoanza na ulivyopanuka, wala si habari za mpangaji anayehesabu kodi ya mwezi.

Shamba limeenda mbali zaidi, na hapa msemaji lazima awe mwangalifu. Kazi za shamba ni kulima na kupalilia. Mazao ya shambani ni yaliyotoka huko. Lakini mambo ya kishamba ni tusi: ni ya mtu asiyejua ustaarabu wa mjini. Hakuna sheria ya sarufi iliyolazimisha hivyo, maana kitajiri na kisasa hazitukani mtu. Watu wa mjini ndio walioitia dharau ile ki-, na imeganda humo. Mwandishi anayetaka kusifu chakula kilicholimwa bila mbolea ya kiwandani akaandika "chakula cha kishamba" atakuwa amekitukana bila kukusudia.

Baada ya nomino kupata umbo lake, turudi kwenye kiungo, kwa sababu sifa hizi hupangwa moja nyuma ya nyingine. Tazama jina la Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa mwaka 1967. "La" imetokea mara mbili, na zote mbili zinarudi kwa baraza: ni baraza la Kiswahili, na ni baraza la taifa. Andika "Baraza la Kiswahili cha Taifa" na sifa inahamia kwenye lugha. Sasa pana Kiswahili cha taifa, na baraza linakihudumia hicho. Herufi chache tu, na chombo kimepewa kazi nyingine.

Jina la nchi limekwenda kinyume chake. Jamhuri ya Muungano wa Tanzania: "ya" inashikwa na Jamhuri, "wa" inashikwa na Muungano. Kilichotajwa ni Muungano wa Tanzania, na jamhuri ni yake. Wanaoteleza wakaandika "Jamhuri ya Muungano ya Tanzania" hawajavunja sarufi, lakini wameiunganisha Tanzania na Jamhuri moja kwa moja, na jina rasmi halisemi hivyo.

Kisha kuna Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Viunganifu ni vinne. Cha kwanza kinatoka kwa Katiba, cha pili kwa Jamhuri, cha tatu kwa Muungano. Cha nne, "ya mwaka 1977", kinaruka juu ya maneno yote hayo na kurudi hadi mwanzo. Tunajuaje? Si kwa alama, maana Katiba na Jamhuri zote huchukua ya. Tunajua kwa sababu muungano ni wa mwaka 1964, na kilichopitishwa mwaka 1977 ni katiba. Anayejifunza Kiswahili ugenini, asiyejua historia hiyo, hana cha kumwongoza katika sentensi yenyewe.

Huo ndio udhaifu wa chombo hiki, na magazetini hujitokeza mara kwa mara. "Viongozi wa wafanyakazi wa zamani wakutana." Nani ni wa zamani? Viongozi huchukua wa, wafanyakazi huchukua wa, na msomaji anabaki njia panda. Dawa ni mpangilio. Sifa isogezwe karibu na mwenyewe: "viongozi wa zamani wa wafanyakazi". Ikiwa wafanyakazi ndio waliokusudiwa, afadhali kubadili neno kabisa na kuandika "viongozi wa wafanyakazi wastaafu". Mhariri mzuri hukagua kwa njia rahisi: anafuata kila wa na kila ya kurudi nyuma, akiuliza ni ya nani. Ikipata wenyewe wawili, sentensi inaandikwa upya.

Wakati mwingine kiungo huachwa kabisa. Shirika la Umeme Tanzania na Mamlaka ya Mapato Tanzania yamepunguza la na ya za mwisho, na hakuna anayepotea. Katika maneno mengine kuiacha ndiko kunakoleta maana. Askari kanzu ni mpelelezi aliyevaa kiraia. Ukisema askari wa kanzu, unatafutwa mtu na kanzu yake.

Na si Waswahili wote wanaozitumia alama hizi zote. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, na katika mazungumzo ya mitaani Nairobi, ya imepanuka ikachukua nafasi za wenzake, na mtu husema "kiti ya mbao" au "kitabu ya mwalimu" akaeleweka vizuri. Wasemaji hao hutegemea zaidi mpangilio wa maneno na yale wanayoyajua tayari. Lakini ubao wa supu ukiandikwa kwa Kiswahili hicho, maneno yatakuwa "supu ya kuku ya kienyeji" kwa bakuli zote mbili, na mteja anayetaka kujua atalazimika kumwita mama na kumuuliza alimnunua wapi kuku wake.