Toleo Lilelile, Tundu Limezibwa

Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa kasoro kubwa katika OpenSSL, programu inayolinda siri ya mawasiliano kati ya simu au kompyuta yako na tovuti za benki, barua pepe na maduka. Kasoro hiyo, iliyopewa jina la Heartbleed na namba ya utambulisho CVE-2014-0160, ilikuwamo tangu toleo 1.0.1 hadi 1.0.1f. Watengenezaji wakatoa 1.0.1g kuwa dawa. Waliokuwa na seva za Debian 7 wakasasisha mifumo yao, kisha wakaiuliza mashine ina toleo gani:

```
$ openssl version
OpenSSL 1.0.1e 11 Feb 2013
```

Herufi ni e, mojawapo ya zile zilizotajwa kuwa na kasoro, na tarehe ni ya mwaka uliotangulia. Hata hivyo, tundu lilikuwa limeshazibwa.

Tuangalie kwanza tundu lenyewe. OpenSSL ilikuwa na utaratibu wa pande mbili kuulizana kama bado ziko hewani. Upande mmoja hutuma ujumbe mfupi na kutaja urefu wake, wa pili huurudisha kama ulivyo. Seva ilikuwa ikiuamini urefu uliotajwa bila kuulinganisha na kilichofika. Mtu akituma herufi moja na kudai ametuma elfu sitini, seva ilimrudishia ile moja, ikajazia na chochote kilichokuwa jirani kwenye kumbukumbu yake. Kwa ombi moja ziliweza kuvuja hadi kilobaiti 64, na ndani yake nywila za watu au hata ufunguo wa siri wa tovuti.

Tiba ilikuwa mistari michache: linganisha urefu uliotajwa na urefu halisi, na visipolingana, utupe ujumbe kimyakimya. Wasimamizi wa Debian waliichukua mistari hiyo tu, wakaipachika katika 1.0.1e waliyokuwa wakiisambaza tangu mwanzo.

Kwa nini hawakuichukua 1.0.1g nzima? Kwa sababu ilikuja na mengine. Mojawapo lilikuwa badiliko lililorefusha baadhi ya salamu za kwanza za mawasiliano, ili kukwepa hitilafu ya seva fulani. Badiliko hilo likaibua hitilafu nyingine: baadhi ya mitambo ya barua pepe ikashindwa kuelewana na 1.0.1g. Anayeendesha hospitali au benki huchagua mfumo imara ili alichokijaribu jana kifanye kazi vilevile leo. Anataka kasoro iondoke, na tabia ya programu ibaki.

Ndiyo maana namba ya mbele haikuguswa, kwani msingi bado ni 1.0.1e. Alama ya ukarabati huwekwa mkiani, kwenye namba ya kifurushi:

```
$ dpkg -s libssl1.0.0 | grep Version
Version: 1.0.1e-2+deb7u5
```

Kabla ya kistari ni toleo la watengenezaji. Namba 2 ni awamu ya ufungashaji wa Debian, deb7 ni Debian 7, na u5 ni sasisho la tano la kifurushi hicho. Kilichokuwa na tundu kiliishia u4. Usalama wote umekaa katika tarakimu hiyo moja ya mwisho.

Anayesoma namba ya mbele pekee hupotea. Vipo vifaa vya ukaguzi vinavyoiona 1.0.1e na kuandika kwamba seva ni hatari. Jibu la uhakika limo katika kumbukumbu ya mabadiliko ya kifurushi: tafuta humo CVE-2014-0160. Lakini hata u5 ikishasakinishwa, huduma iliyowashwa kabla yake huendelea kutumia nakala ya zamani iliyomo kwenye kumbukumbu mpaka iwashwe upya. Debian ilitoa u6 baadaye, iliyosaidia kutambua huduma za namna hiyo.

Kazi hii si rahisi kila mara. Kwa Heartbleed, msimbo wa e ulifanana mno na ule uliorekebishwa. Programu ikishabadilika sana, kiraka huweza kutegemea sehemu ambazo toleo la zamani halina, na fundi hulazimika kukiandika upya, akihatarisha kuziba nusu tu. Tena, huenda toleo la zamani halina kasoro kabisa: Debian 6 ilitumia OpenSSL 0.9.8, ambayo haikuwa na utaratibu ule wa kuulizana, hivyo haikuhitaji tiba.

Kazi hii pia ina mwisho. Huduma ya muda mrefu ya Debian 7 ilikoma Mei 2018. Mashine inayoitumia bado itaendelea kujibu namba ileile iliyoijibu ilipokuwa mikononi mwa mafundi. Kwa hiyo kabla ya kuliamini toleo la zamani, uliza mambo mawili: mkia wake umefika wapi, na je, yupo anayeendelea kuurefusha?