Nchi, Nti na Isi: Kusoma Tungo za Kale Ukiwa Rumonge

Msomaji wa Rumonge akifungua kitabu cha tungo za Lamu au Mombasa hukwama mapema. Anakutana na mtu aliyeteka mbele ya wageni, na kwa kuwa huku ziwani kuteka ni kuteka maji, anamwona mtu huyo na debe mkononi. Kumbe amecheka. Mbele kidogo mpenzi anaitwa "ndoo", na debe linapata mwenzake. Kumbe anaambiwa njoo.

Kosa si la msomaji. Kiswahili cha ufukwe wetu wa Ziwa Tanganyika kilikuja kwa njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, kwa hiyo asili yake iko karibu na Mrima na Unguja. Baadaye shule na redio zikaongezea Kiswahili sanifu, ambacho nacho msingi wake ni Kiunguja: ndicho kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa 1928, na kamati ya kukisanifisha ikaanza kazi 1930. Lakini sehemu kubwa ya ushairi wa kale tunaousoma ilitungwa kaskazini. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir na utendi wa Mwana Kupona wa 1858 ni vya Kiamu, na Muyaka bin Haji alitunga kwa Kimvita. Tunasoma kwa sikio la kusini maneno yaliyopimwa kwa sikio la kaskazini.

Tofauti nyingi zina mpangilio. Nj ya Unguja ni nd huko: njia ni ndia, njaa ni ndaa, nje ni nde. J ya Unguja Lamu mara nyingi huwa y, ndiyo maana moja ni moya. Na katika baadhi ya majina hutoweka kabisa, jina likawa ina na jiwe likawa iwe. Hapo pana mtego, maana "ina" na "iwe" ni maneno halali kwetu yenye maana nyingine, na jicho la msomaji huyapita bila kushtuka.

Ch ndiyo ngumu. Macho ni mato, cheka ni teka, nchi ni nti, chini ni tini. Anayejifunza hili leo, kesho ataanza kugeuza kila ch kuwa t, na atakosea, kwa sababu chumba hakiwi tumba na chuma hakiwi tuma. Kiunguja kimezikutanisha sauti mbili za kale katika ch moja. Ya kwanza imetokana na ki- iliyogonga irabu, ki-umba likawa chumba, na hiyo Mombasa pia ni ch. Ya pili ni sauti nyingine kabisa, ambayo Unguja imekuwa ch na kaskazini imekuwa t. Ukimtazama Mwunguja tu, huwezi kujua ipi ni ipi.

Mrundi anaweza, na hili nimeona hata wasomi wa pwani wakilistaajabia. Kirundi hakikuzichanganya sauti hizo. Ile ya ki- na irabu huandikwa c: icumba, icuma. Ile nyingine ni s: amaso ni macho, guseka ni kucheka, isi ni nchi, hasi ni chini. Basi neno likiwa na ch kwa Kiswahili na s kwa Kirundi, tarajia t katika utenzi wa Lamu au shairi la Mombasa. Likiwa na c, liache lilivyo. Kwa nj kipimo kinafanana na hicho, maana inzira na inzara zetu ndizo ndia na ndaa zao. Kipimo hiki kina mpaka wake. Mchanga huko ni mtanga, lakini Kirundi husema umusenyi, neno la ukoo mwingine, kwa hiyo hapo hakikusaidii. Wala usikitumie kwa maneno yaliyokuja na majahazi; chai haina nduguye katika Kirundi cha kale.

Sasa tuone tofauti hizi zinavyougusa ushairi wenyewe. Utenzi una mishororo minne ya mizani nane nane. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne hubeba kina kinachorudi katika kila ubeti hadi mwisho. Nimeutunga huu kwa ajili ya mfano, kwa lafudhi ya kaskazini:

Hakuwa nao wakati
alipoihama nti
akaamini bahati
yulele kando ya ndia

Mpe sasa mhariri mwenye nia njema anayetaka vijana waelewe. Atabadili maneno matatu, na kila badiliko litakuwa na matokeo yake. Ndia ikiwa njia hakuna kinachoharibika: mizani ni nane na kina kimebaki cha irabu -a. Nti ikiwa nchi, mizani inabaki nane, kwa sababu n hapo inahesabiwa peke yake katika yote mawili, lakini kina kimekufa: wakati, nchi, bahati. Yulele ikiwa amelala, kina hakiguswi ila mshororo unakuwa na mizani tisa, kwani wakati uliotimia wa kale unabana silabi katika shina lenyewe. Anayeughani utenzi kwa sauti atajikwaa hapo hata kama hajui kwa nini.

Nimechagua wakati na bahati kwa makusudi. T ya nti, kaskazini, hutamkwa ulimi ukigusa meno, kama t ya maneno hayo ya Kiarabu. T ya mtoto ni nyingine, ya ufizi. Herufi zetu za Kirumi zinaandika moja tu, kwa hiyo vina viwili vinavyofanana kwenye karatasi huenda kwa sikio la Mvita havifanani.

Kutokana na hayo, neno lililo kwenye kina lina uzito kuliko neno lililo katikati ya mshororo. Mnakili wa Unguja aliyenakili utenzi wa Lamu aliweza kuandika macho pale katikati bila kuharibu chochote, nasi tusingejua. Kwenye kina angejifichua mara moja. Ukikuta pamoja imewekwa kina na haya na mbaya, rudisha pamoya, na utakuwa na sababu nzuri ya kuitazama Lamu kabla ya Mombasa, ambako husemwa pamoja. Sababu nzuri, si hukumu: washairi wa Mrima na Unguja nao waliazima mato na ndia kwa kuwa zilishakuwa lugha ya ushairi, na mshairi wa kaskazini aliyebanwa na kina aliweza kuchukua umbo la kusini. Mimi huhitaji vina kadhaa vinavyoelekea upande mmoja kabla ya kutaja mji.

Kuna jambo ambalo Kirundi, kilichotusaidia kwenye ch, kinatuponza. Wengi wetu ufukweni hapa l na r tunazitamka karibu sawa. Dola na bora hutoka kinywani mwetu kama vina pacha, na kwa mshairi wa Mvita si vina hata kidogo. Kwa hiyo msomaji wa huku anaweza kusikia kina mahali mshairi hakukiweka, akafikiri -la na -ra zimewekwa pamoja kwa ruhusa. Kabla ya kukubali kina cha namna hiyo, litazame neno lilivyoandikwa katika hati ya Kiarabu ikiwa ipo: lam na re hazifanani hata kwa mwandiko mbaya.