Mtoto anakwenda kusoma Urusi? Kagua jina lake herufi kwa herufi

Picha ya viza ilipoingia kwenye simu ya mama mmoja mkazi wa Temeke, Dar es Salaam, furaha yake ilidumu sekunde chache. Pasipoti ya binti yake, aliyepata nafasi ya kusomea udaktari nchini Urusi, imeandikwa HAWA. Kwenye viza, juu ya jina hilo, palikuwa na neno jingine: ХАВА. Mama alilisoma "Xaba" na kudhani wamepewa viza ya mtu mwingine.

"Mama, hilo ndilo jina langu," binti alimjibu.

Familia iliomba majina yake yasitajwe. Hapa binti ataitwa Hawa Juma Chande, jina la mfano lenye herufi zinazosumbua kama za jina lake halisi.

Binti alikuwa sahihi. Katika herufi za Kirusi, ile inayofanana na X hutamkwa kama "kh" ya neno kheri, na inayofanana na B hutamkwa "v". Kwa hiyo ХАВА husomwa "Khava", ambayo ndiyo Hawa kwa masikio ya Mrusi. Kwa mtego huohuo, Р ni "r", С ni "s", Н ni "n" na У ni "u".

Kosa lililokuja kuwasumbua lilikuwa mahali ambapo mama hakupatazama. Tafsiri ya pasipoti, waliyoilipia wenyewe ili ipelekwe chuoni, ilimwandika binti ХАУА.

Kwa nini jina moja linaandikwa namna mbili

Hakuna aliyekosea kutafsiri. Kirusi hakina herufi ya W, hivyo mtafsiri huchagua kati ya В na У. Warusi wenyewe hufanya yote mawili: Zimbabwe wanaiandika Зимбабве, kwa В, lakini Rwanda wanaiandika Руанда, kwa У.

H nayo ina njia mbili. Siku hizi majina mengi yenye H huandikwa kwa Х, kama mji wa Helsinki, Хельсинки. Utaratibu wa zamani ulitumia Г, inayotamkwa "g", na ndiyo maana mji wa Hamburg kwa Kirusi ni Гамбург. Hamisi anaweza kuwa Хамиси kwa mtafsiri mmoja, na kwa mwingine Гамиси.

J ya Kiswahili hubebwa na herufi mbili, Дж, kama katika Килиманджаро. Juma ni Джума. Ch na sh ni rahisi zaidi, maana kila moja ina herufi yake, Ч na Ш. Ndiyo maana Chande, yaani Чанде, halikuleta shida yoyote.

Basi kinachotakiwa ni jina kuandikwa namna moja kwenye kila karatasi, hata kama ipo namna nyingine iliyo sahihi.

Homa ya mwezi wa pili

Hawa alipofika, usajili wa makazi ulifuata viza, ukamwandika ХАВА. Kadi ya bima ya afya ilifuata tafsiri ya pasipoti, ikamwandika ХАУА. Wiki za mwanzo hakuna aliyegundua.

Mwezi wa pili alipata homa kali akaenda kliniki. Mhudumu wa mapokezi alitafuta kwenye kompyuta jina lililo kwenye viza, halikuonekana kwenye orodha ya bima. Kwa macho ya mtu, В na У zinaweza kuonekana ni tofauti ndogo, lakini kwa kompyuta hao ni watu wawili. Alikaa akisubiri hadi ofisa wa wanafunzi wa kigeni alipofika na pasipoti kuthibitisha kwamba ni mtu mmoja.

Baada ya hapo ilibidi tafsiri ya pasipoti ifanywe upya, igongwe muhuri wa mthibitishaji, kisha kadi ya bima ichapishwe upya.

Anza na barua ya mwaliko

Karatasi ya kwanza kubeba jina kwa Kirusi huwa ni barua ya mwaliko inayoombwa na chuo. Viza huifuata hiyo. Kwa hiyo mzazi aikague kabla ya viza kuchapishwa.

Kwanza, angalia jina la herufi zetu. Lilingane na pasipoti kila herufi, pamoja na mpangilio wake. Ukiwa na wasiwasi lipi ni jina la ukoo, tazama mistari miwili ya chini ya ukurasa wenye picha. Ya Hawa inaanza hivi:

```
P<TZACHANDE<<HAWA<JUMA<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<
```

Kilicho kati ya TZA na alama mbili za kwanza ni jina la ukoo. Yanayofuata ni majina mengine. Likikosewa hapo, mwandikieni ofisa wa chuo aombe marekebisho kabla hamjakwenda ubalozini.

Pili, nakili jina la Kirusi kama lilivyo na umpe kila mtafsiri, ukimwambia alifuate hilohilo. Hawa angekwenda kwa mtafsiri na barua ya mwaliko mkononi, ХАУА isingezaliwa.

Tatu, angalieni sehemu tatu za jina kwenye fomu ya kujiunga. Фамилия ni jina la ukoo: Чанде. Имя ni jina la mtu: Хава Джума. Ya tatu, Отчество, ndiyo huwachanganya Watanzania. Ni jina ambalo Warusi hulitengeneza kutokana na jina la baba, kama Иван linavyozaa Иванович. Wengi wetu jina la pili ni la baba, hivyo mtoto huona mahali pa Juma ni hapo. Lakini kwenye pasipoti na viza Juma yuko pamoja na Hawa. Akihamishiwa sehemu ya tatu, karatasi za chuo hazitalingana na viza. Sehemu hiyo iachwe wazi.

Safari ya kurudi

Udaktari Urusi ni miaka sita, na wengi hutanguliza mwaka mmoja wa kujifunza lugha. Mwishoni diploma hutolewa kwa Kirusi, nayo lazima itafsiriwe kabla ya kupelekwa kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) na kuombea usajili wa udaktari.

Hapo jina husafiri kwa njia ya nyuma. Mtafsiri asiyeona pasipoti hubadili herufi moja baada ya nyingine: Х huwa KH, В huwa V, Дж huwa DZH. Hawa Juma Chande anarudi nyumbani akiwa Khava Dzhuma Chande, na cheti cha kidato cha sita kinasema vingine.

Kuna mtego mwingine. Kirusi hubadili miisho ya majina kulingana na sentensi. Barua inayosema "imetolewa kwa Hawa" inaweza kuandika Хаве badala ya Хава. Hilo si kosa, lakini mtafsiri asiye makini atatoa "Khave".

Dawa ya yote mawili ni moja: nakala ya pasipoti iende pamoja na diploma, na jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Kazi hiyo ifanyike kabla kijana hajaondoka Urusi, wakati chuo na mthibitishaji wako karibu.

Hawa sasa yuko mwaka wa tatu. Ndani ya jalada la pasipoti yake kuna kikaratasi alichoandikiwa na ofisa wa chuo, chenye mistari miwili: CHANDE HAWA JUMA, na chini yake ЧАНДЕ ХАВА ДЖУМА. Popote anapojaza fomu, hukitoa kwanza. Mama yake Temeke anayo picha yake kwenye simu.